Siku 30 za pingamizi zinaanza lini?

"Barua ya tarehe 24 Februari, nimeipata 6 Machi. Nina siku 30. Mwisho lini?"

Salaam. Anza na kifungu cha sheria yako kuhusu kupelekewa hati, yaani kinachosema barua inahesabiwa kukufikia lini, si tarehe uliyoishika barua. Tuseme kinaichukulia barua ya posta kuwa imefika siku 7 baada ya kutumwa, na muhuri wa bahasha ni 24 Februari 2023: imefika Ijumaa 3 Machi. Siku hiyo haihesabiwi. Siku ya 1 ni 4 Machi, ya 30 ni Jumapili 2 Aprili. Wikiendi za katikati zinahesabiwa. Sheria nyingi husogeza mwisho hadi Jumatatu. Kama yako iko kimya, wasilisha Ijumaa 31 Machi. Ikidai "siku kamili" kati ya matukio mawili, acha siku zote mbili za pembeni. Bahasha usiitupe.