Maswali ya Mirathi: "Mzee Alisema Nyumba Ni Yako"

Baba amefariki na ameacha wasia kuwa nyumba apewe dada yetu mdogo, kwa sababu ndiye aliyemuuguza. Tuko watoto wanne, wawili wanaume na wawili wanawake, na mama yu hai. Kaka mkubwa amekubali, sisi wengine hatutaki. Wasia huo unasimama? (Mombasa)

Hausimami kama ulivyoandikwa, ila haufi wote. Dada yenu ni mrithi, na Mtume (s.a.w.) alikwisha sema kuwa hakuna wasia kwa mrithi. Unapita tu warithi wenzake wakiridhia, tena waridhie baada ya mauti. Ule mkutano wa sebuleni mlipoitikia "sawa, baba" naye angali hai haumfungi mtu. Na anayeridhia huachia chake peke yake. Hawezi kukuachilia fungu lako.

Tuifanye hesabu. Tuseme mazishi na madeni yamekwisha kulipwa, imebaki mali ya shilingi milioni 48, na nyumba ni milioni 24 katika hizo. Ndani ya nyumba hiyo mama ana thumuni yake, milioni 3. Zinabaki 21, wanaume milioni 7 kila mmoja na wanawake milioni 3 na nusu kila mmoja. Kaka mkubwa ameachia milioni 7 zake, kwa hiyo dada ana milioni 10 na nusu. Milioni 13 na nusu ni zenu nyinyi mliokataa. Akitaka nyumba yote, dada aweza kubadilishana nanyi kwa fungu lake katika ile mali nyingine, ambalo nalo ni milioni 3 na nusu, kisha awalipe milioni 10. Akishindwa, itauzwa au mtakaa kwa ushirika. Ushirika wa nyumba moja baina ya ndugu nimeuona mara nyingi, na siwatakii.

Sasa neno ambalo hukuniuliza. Kukataa ni haki yenu, lakini je, dawa za mzee zilinunuliwa na nani? Ikiwa dada alitoa fedha zake kwa mapatano na mzee kuwa atarudishiwa, naye ana ushahidi, hilo ni deni, na deni hutangulia mirathi. Kama alitoa kwa mapenzi, hana la kudai mbele ya kadhi. Ndiyo maana nawaambia wazee kila mara: ukitaka kumlipa mwanao anayekuhudumia, mlipe ukiwa hai, mwezi kwa mwezi kama ungemlipa mtu baki. Wasia haukuwekwa kwa kazi hiyo.

Kwa nini mwanamke apate nusu ya mwanamume? (wengi)

Limejibiwa hapa hadi limechakaa: mwanamume ndiye aliyebebeshwa mahari na matumizi ya nyumba, na fungu ni la Qur'ani, Sura ya Nisaa. Wengi mnaouliza hata hiyo nusu hamjawapa dada zenu.

Mzee wangu angali hai na ana akili timamu. Anataka kuniandikia nyumba yake mimi, ndugu zangu wasijue. Inafaa? (Tanga)

Hilo "wasijue" lako limeshajibu nusu ya swali.

Mtu hai ana haki ya kutoa mali yake, na hiyo ni hiba, wala haibanwi na mpaka wa theluthi ya mali kama wasia. Lakini Bashir alipompa mwanawe Nuuman kipawa, mama wa kijana alitaka Mtume awe shahidi. Mtume akauliza kama watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Aliposikia hapana, alikataa kushuhudia, akawaambia wamche Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Kwa sisi Mashafii upendeleo usio na sababu ni makuruhu, na hiba yenyewe hupita. Mahambali wanaona ni haramu. Mtoto mlemavu au mwenye madeni mazito ni sababu. Kuwa wewe ndiye unayempigia simu kila Ijumaa si sababu.

Halafu kuna makabidhiano, na hapa ndipo familia nyingi zinapoanguka. Sayyidna Abubakar alimpa bintiye Aisha mavuno ya tende, wasaki 20, katika mali yake ya Ghaba. Alipokuwa mahututi alimwambia kuwa lau angezivuna na kuzichukua zingekuwa zake, lakini siku ile zilikuwa mali ya warithi, ndugu zake wawili wanaume na wawili wanawake, wagawane kwa Kitabu cha Mungu. Huyo ni Aisha, na mtoaji ni Abubakar! Wewe una karatasi iliyoandikwa na mzee, naye bado anapokea kodi ya wapangaji na funguo zi mfukoni mwake. Siku akifa ndugu zako watauliza ni lini ulikabidhiwa, nawe hutakuwa na jibu.

Akitoa akiwa katika maradhi ya mauti, hiba huhesabiwa kama wasia, nawe ni mrithi. Rudi jibu la kwanza. Na ujue mzazi aweza kuirejesha hiba aliyompa mwanawe maadamu ingali milki ya mwana. Basi usigombane naye.

Baba yangu alitangulia kufa kabla ya babu. Babu naye amefariki, na ami zangu wanasema sina kitu. (Lamu)

Wanasema kweli, na inauma. Mtoto wa kiume akiwepo, mjukuu wa kwa mtoto wa kiume hazuki katika mirathi.

Lakini hapa ndipo wasia ulipokuwa na kazi yake. Wewe si mrithi, kwa hiyo babu angeweza kukuusia mpaka theluthi ya mali yake bila kumwomba mtu ruhusa. Wazee wanaopoteza wino kuwausia wana ambao hawahitaji wasia wanawasahau mayatima waliomo ndani ya nyumba zao. Babu zenu wakiwa hai, wasomeeni jibu hili. Nanyi ami, mkimpa kijana kitu kwa hiari yenu hamtapungukiwa.

Sisi ni Wakristo, wanne, wazazi wote wamefariki bila wasia. Kaka alipewa na baba ekari 2 zamani na akaandikishiwa. Zimebaki 6. Anadai robo. (Taita)

Hapati. Kwenu inatumika Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160. Kifungu cha 38 kinawagawia watoto sawasawa, wa kike kwa wa kiume, na dada aliyeolewa hatolewi. Kifungu cha 42 kinataka alichopewa mtoto na marehemu kiingizwe katika hesabu ya fungu lake. Zote ni ekari 8, kila mmoja 2, na kaka alishachukua zake, ikiwa ardhi ina thamani moja. Pelekeni mahakamani hati ya ule uhamisho, msipeleke maneno. Wasomaji Waislamu wasiidandie hesabu hii: kwetu hiba iliyokamilika hairudi kwenye fungu.

Baba amezikwa wiki iliyopita. Kaka zangu wameniletea karatasi ya kusamehe fungu langu, wanasema ndivyo mzee alivyotaka. Nitie sahihi? (Malindi)

Usitie. Hujui unasamehe nini. Mali yote iandikwe, madeni yatolewe, hesabu isomwe mbele yako na kiasi chako kitajwe, kisha upewe. Kikishakuwa mkononi mwako, ukitaka kuwapa kaka zako uwape, na umpe umtakaye kiasi utakacho. Wakikuharakisha, nenda kwa kadhi ukaombe orodha ya mali kabla haijaanza kuuzwa.