Mwenye nyumba aliponiuliza mshahara wangu

Wiki iliyopita nimetia saini mkataba wa mwaka wa pili katika nyumba ninayoishi hapa Ipagala, Dodoma, na mwenye nyumba wangu hakuniuliza swali lolote kuhusu kipato. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe wa kijana fundi aluminiamu aliyekataliwa vyumba vitatu mfululizo kule Nzuguni kwa sababu hana ajira ya mshahara. Aliniandikia hivi: "Dada, niseme nini mbele ya mwenye nyumba?" Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa wengi tunaoishi kwa kazi za mikono katika jiji hili tumeulizwa mshahara wetu tukakosa jibu.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mpangaji anayependwa na wenye nyumba wengi ni mtumishi. Simlaumu mwenye nyumba kwa hilo, kwa maana anajua mshahara unaingia kila mwezi na ofisi ya mpangaji inafahamika ilipo. Mimi ni fundi cherehani, nina meza katika soko la Majengo, na fedha yangu huja kwa misimu. Mwaka 2021 nilitafuta chumba na sebule Kisasa, na dalali akanishauri nijitambulishe kuwa mtumishi wa wizara fulani. Nilikubali, na hadi leo naona uchungu kuandika kwamba nilikubali. Haikupita miezi miwili mwenye nyumba akasikia cherehani usiku, akauliza, akagundua. Aliniita uani mbele ya wapangaji wenzangu, akasema kwamba hawezi kukaa na mtu asiyemjua. Niliondoka nikiwa bado na kodi ya mwezi mmoja mikononi mwake, na sikuwa na uso wa kuidai.

Kilichoniumiza ni kwamba kodi yake nilikuwa nimeilipa yote, na kwa wakati. Kosa lilikuwa utambulisho. Kwa hiyo nakusihi, mdogo wangu, usikubali dalali akutungie kazi, kwa kuwa dalali atachukua kodi yake ya mwezi mmoja na kwenda zake, nawe ndiwe utakayebaki kuishi ndani ya uongo huo.

Septemba 2024 nilipokuja kuiona nyumba hii, mwenye nyumba, mzee mmoja mstaafu, alitaka shilingi 150,000 kwa mwezi, na alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 900,000. Mimi nilikuwa na 750,000 tu, na ndani yake kulikuwa na malipo ya dalali. Nilimwamkia, nikakaa, nikasubiri amalize habari za mvua na mashamba, kisha nikasema: "Mzee, mimi ni fundi cherehani, mwaka wa saba sasa nipo Majengo. Sina mshahara, na kuna miezi ambayo napata kidogo sana. Nimekuja na daftari langu ili nikuonyeshe ni miezi ipi."

Alinitazama, akasema, "Mafundi cherehani ninyi mnajulikana kwa ahadi." Sikubishana naye, kwa sababu ni kweli tunajulikana hivyo. Nilifungua daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida la kaunta, lakini nalipiga mistari: jina la mteja, kazi, bei, alichotanguliza, tarehe niliyoahidi na tarehe aliyochukua nguo. Mwisho wa kila mwezi naandika kilichobaki baada ya kutoa uzi, zipu, kodi ya meza, umeme na posho ya kijana anayenisaidia. Hicho kilichobaki ndicho kipato, na ndicho unachopaswa kumtajia mwenye nyumba, kwa sababu ukimtajia fedha yote iliyopita mkononi mwako atakuona tajiri leo na mwongo kesho. Katika miezi kumi na miwili iliyotangulia Septemba ile nilibakiwa na jumla ya 7,040,000. Ukigawanya kwa kumi na mbili unapata karibu 587,000 kwa mwezi, na ukisimamia hapo kodi ya 150,000 inaonekana nyepesi.

Lakini wastani ule haulipi kodi. Desemba nilibakiwa na 1,140,000 na Januari 980,000, kwa sababu ya nguo za sikukuu na sare za shule. Februari, wazazi wakiwa wamemaliza fedha zao kwenye mahitaji ya shule, nilibakiwa na 290,000 tu. Kwa mwezi kama huo, kodi peke yake inakula zaidi ya nusu. Mzee aliuweka kidole kwenye Februari hiyo kabla sijaitaja, akauliza, "Hapa ungenilipa nini?"

Swali hilo nililisubiri, na jibu lake ndilo ninalotaka fundi mwenzangu alichukue. Nilimwambia kwamba Februari haitadaiwa kodi, kwa kuwa itakuwa imelipwa Januari. Nilipendekeza niingie tarehe 1 Oktoba kwa kulipa miezi mitatu, 450,000, pamoja na amana ya mwezi mmoja, 150,000. Ukijumlisha na 150,000 ya dalali, fedha yangu yote ya 750,000 iliishia hapo. Tarehe 1 Januari, fedha ya Desemba ikiwa mkononi na ya sare ikiendelea kuingia, ningelipa miezi sita kwa pamoja, 900,000, hadi mwisho wa Juni. Julai ningelipa miezi mitatu na Oktoba mitatu. Kwa hiyo miezi sita aliyoitaka angeipata, ila angeipata katika mwezi ambao fedha ipo kweli, nami nisingelazimika kukopa ili niingie ndani ya nyumba. Amana niliitaja mimi mwenyewe kabla hajaidai, na nikaomba iandikwe kwamba itarudishwa nitakapohama bila uharibifu.

Nilimtahadharisha pia kuhusu Aprili. Katika daftari ilionyesha 620,000, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya Idi, na Idi husogea nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, na mwaka uliofuata ingeangukia karibu na mwisho wa Machi. Mtu anayepanga tarehe za kodi kwa kutegemea sikukuu ya mwezi mwandamo lazima alijue hilo. Nadhani ni hapo mzee alipoanza kunisikiliza kama mtu anayezungumza na mfanyabiashara.

Nilikuwa na karatasi nyingine, taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, na hii ina mtego wake. Mzee aliipitia kwa miwani yake taratibu, akakuta mahali fedha 1,200,000 imeingia kwa siku moja, akauliza ni kazi gani ile. Ilikuwa zamu yangu ya mchezo wa akina mama wa sokoni, fedha ambayo nyingi nilikwishaichangia mwenyewe, na si kipato hata kidogo. Kama ningenyamaza na kuiacha ihesabiwe, ningekuwa nimerudia uongo wa Kisasa kwa njia nyingine. Kwa hiyo kabla hujaitoa taarifa yako, ipitie kwa kalamu: weka alama kwenye malipo ya wateja, andika pembeni palipo mchezo, mkopo au fedha uliyotumiwa na ndugu, na ufute majina na namba za wateja, maana hizo ni siri za watu. Malipo yenye alama yakilingana na tarehe za daftari, vitu hivyo viwili vinathibitishana, na hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake, kwa sababu daftari mtu anaweza kuliandika usiku mmoja na simu haisemi fedha ni ya nini.

Hata hivyo mzee hakunipa jibu siku ile. Alisema atafikiri. Jumamosi yake, pasipo taarifa yoyote, nikamwona amesimama mbele ya meza yangu Majengo. Alisalimia, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaomba tena daftari. Safari hii hakugusa safu ya fedha. Alipitisha kidole kwenye zile tarehe mbili, ya kuahidi na ya kuchukua, mstari kwa mstari, kurasa tatu nzima. Alipokuta gauni la harusi ndogo lililochelewa siku nne aliuliza kwa nini, nami nikamwonyesha pembeni nilipoandika kwamba nilimpigia mteja siku tatu kabla ya tarehe, na kwamba nilimpunguzia 10,000. Alifunga daftari, akaliweka juu ya cherehani, akasema, "Njoo Jumatatu na barua ya mwenyekiti wa mtaa unakotoka."

Barua ya utambulisho na nakala ya kitambulisho cha NIDA nilikuwa nimeziandaa, na hapo sina mengi ya kusema, kwani hizo huombwa kila mtu. Jambo ambalo wengi husahau ni umeme. Wapangaji wawili tunatumia mita moja ya LUKU, na mwenye nyumba anayesikia neno cherehani huwaza pia pasi na ugomvi wa wapangaji. Nilimweleza mapema kwamba kazi na pasi vipo sokoni, nyumbani nina cherehani ya miguu tu, na haifanyi kazi baada ya saa tatu usiku. Aliandika hilo katika mkataba kwa mkono wake, na mimi nikalipenda, kwa kuwa liliandikwa jina la kazi yangu halisi.

Kodi zote nimezituma kwa simu, hata siku ninazokutana naye, ili tarehe ibaki, na baada ya kutuma humwandikia ujumbe unaotaja miezi niliyolipia. Mwaka huu Juni haikuwa nzuri. Tarehe 15 niliona wazi kwamba 450,000 ya Julai haitatimia, nikaenda kwake jioni ile ile na daftari, nikamwonyesha kazi mbili za sare ambazo zingelipwa shule zikifunguliwa. Nilimwambia nitatuma 350,000 tarehe 1 na 100,000 iliyobaki tarehe 12. Hakuuliza swali. Alichukua kalamu yake mwenyewe, akaandika tarehe zote mbili nyuma ya nakala yake ya mkataba, na tarehe 12 nilipotuma alinipigia kuuliza kama naweza kumshonea mjukuu wake kaptula mbili za shule kabla ya Jumatatu.