Anaposema "hivi": maswali yenu kuhusu kugeuza video kuwa hatua za kuandikwa

Dada, nimeyatoa maandishi ya video ya chapati, dakika 12, kurasa sita nzima. Nianze kufuta wapi? (Msomaji, Morogoro)

Usifute kwanza. Soma yote ukiwa na kalamu, upigie mstari kila kitenzi cha mikono: chekecha, changanya, kanda, sukuma, kunja, choma. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa hatua zako. Ukianza kwa kufuta porojo, utafuta na sababu zilizojificha ndani yake. Tazama kipande hiki, nimekitunga kwa mfano wa video nyingi nilizopitia:

> 2:10 Karibuni tena wapenzi, msisahau kubonyeza kengele. Huku kwetu mvua tangu asubuhi.
> 2:31 Unga wangu nusu kilo, nimeshauchekecha. Chumvi hii hapa. Mafuta vijiko vitatu.
> 2:58 Maji ya vuguvugu naweka kidogo kidogo, mama alikuwa ananigombeza nikimwaga yote, unga unakuwa uji.
> 3:40 Nakanda, nakanda, mpaka inakuwa hivi.

Kengele na mvua vinaondoka bila majadiliano. Mama naye anaondoka, lakini ugomvi wake unabaki, maana ndio unaoeleza kwa nini maji yawekwe kidogo kidogo. Mimi ningeandika:

1. Chekecha unga wa ngano nusu kilo. [Alishafanya kabla ya kurekodi.]
2. Tia chumvi. [Kiasi hakikutajwa. Kwenye picha, 2:40: kijiko cha chai kimoja.]
3. Tia mafuta vijiko vitatu. [Kwenye picha ni vijiko vya chakula.]
4. Ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Ukimwaga yote kwa pamoja, unga utakuwa uji.
5. Kanda. [Ameonyesha tu, 3:40: donge halinati tena kwenye bakuli, na akilibonyeza kwa kidole linarudi polepole.]

Mistari minne ya maongezi imezaa hatua tano, na tatu kati ya hizo zimetajwa nusunusu. Ndiyo maana nasema kazi kubwa si kufupisha.

Nitaijuaje hatua aliyoionyesha bila kuieleza, wakati kwenye maandishi haipo?

Haipo, lakini imeacha nyayo. Kiswahili chetu kinatusaidia sana hapa, kwa sababu mtu anayeonyesha kitu kwa mikono hawezi kukwepa viashiria. Tafuta "hivi", "kama hivi", "hapa", "hii", "kiasi hiki", "si unaona?". Kila "hivi" ni mlango wa kurudi kwenye video. Mtu akisema "unaikunja hivi, halafu hivi, halafu unaificha huku", hajakuambia kitu chochote ambacho mpishi asiye na video anaweza kukifuata.

Unyayo wa pili ni "-sha-". "Nimeshapaka mafuta", "ukishamaliza kuyalaza madonge": hapo kuna kazi iliyofanyika, na huenda hakuitaja popote kabla. Rudi nyuma uitafute. Usipoiona, ni hatua iliyofanyika nje ya kamera, nawe uiandike hivyo.

Wa tatu ni ukimya. Angalia alama za muda: kama mstari mmoja uko 5:02 na unaofuata 5:49, sekunde 47 zimepita bila neno, na mikono haikukaa bure. Kwenye chapati, mara nyingi ukimya huo huangukia pale kwenye kusokota, maana hapo ndipo mpishi anapohitaji kutulia. Anaingia na chapati iliyosukumwa, anatoka akisema "tunaiacha ipumzike", na kumbe katikati amepaka mafuta, ameikunja ikawa kama kamba, ameivuta kidogo, ameizungusha kama konokono na kuubana mkia chini. Vitendo vitano hivyo ndivyo vinavyoleta matabaka. Mtu akivikosa atapata chapati ngumu ya bapa, na atadhani kosa ni unga.

Nikishaona kwa macho alichofanya, si naandika tu kama hatua nyingine?

Andika, ila weka alama. Mimi hutenganisha aliyoyasema, niliyoyaona na niliyoyakisia. Aliyoyasema hayana alama. Niliyoyaona yanakaa kwenye mabano pamoja na dakika yake, ili anayetilia shaka akaangalie mwenyewe. Niliyoyakisia yanaandikwa wazi kuwa ni makisio yangu.

Mtego mkubwa ni ujuzi wako mwenyewe. Tuseme donge linafunikwa kitambaa kibichi, picha inakatwa, kisha donge linaonekana limelainika. Wewe nyumbani huwa unaliacha nusu saa, na mkono unakuwasha kuandika "dakika 30". Usiandike hivyo kana kwamba amesema yeye. Andika: "Funika kwa kitambaa kibichi uache lipumzike. [Muda haukutajwa, video imekatwa. Nusu saa ni makisio ya mwandishi.]" Msomaji anayo haki ya kujua neno ni la nani, hasa siku mambo yakienda kombo.

Mwishoni kabisa anasema "kabla sijasahau, chuma kiwe kimeshapata moto." Niliache hukohuko mwisho?

Lipeleke mahali linapofanyika, kabla ya chapati ya kwanza kuwekwa, na ubakize dakika aliyolisema. Anayepika hasomi mpaka mwisho ndipo aanze. Akilikuta onyo baada ya chapati tatu kukauka, halimsaidii tena.

Vivyo hivyo na masahihisho. Akisema "vijiko viwili, ah, vitatu", unachukua vitatu, baada ya kuhakikisha kwenye picha kwamba kweli vilikuwa vitatu.

Hatua moja ibebe vitendo vingapi?

Vinavyofanyika kabla mtu hajainua macho. Mwenye unga mikononi husoma, hufanya, kisha hutazama tena. "Geuza, paka mafuta, geuza tena, paka" inakaa pamoja. "Kanda" na "gawa madonge" visikae pamoja, kwa kuwa kati yake kuna mapumziko.

Maandishi yangu yametolewa na kompyuta. Niyaamini?

Nambari usiziamini hata moja mpaka uzisikie kwa masikio yako. "Nne" na "nane" hukaribiana mno kinywani mwa mtu anayeongea haraka, na "kanda" inaweza kutokea imeandikwa "ganda". Neno lililokosewa msomaji huweza kulibahatisha, lakini "dakika nane" ya kuchoma upande mmoja ni sentensi safi kabisa, na chapati itatoka imeungua.

Ukimaliza, mpe mtu ambaye hajaiona video, apike mbele yako nawe ukae kimya. Mimi nilimpa binamu yangu hatua zangu nikiamini zimekamilika. Akafika kwenye "zungusha kama konokono", akaizungusha vizuri, halafu akaisukuma ikiwa imesimama kwa ubavu, matabaka yote yakafumuka. Nilirudi kwenye video: mpishi alikuwa ameilaza na kuibonyeza kwa kiganja kabla ya kusukuma, kwa sekunde moja tu, bila kusema neno. Sasa hatua hiyo ina nambari yake.