Kabla hujasema dizeli inaishinda petroli, tafuta ρ kwanza

Wiki hii kijana mmoja wa chuo hapa Arusha ameniandikia. "Shikamoo mwalimu. Nimepewa injini ya dizeli yenye uwiano wa mgandamizo 18, mafuta yanakatwa pistoni ikiwa imetembea asilimia 6 ya mwendo wake. Nimepata ufanisi wa asilimia 68.2. Mwenzangu amepata 63.1. Halafu kitabu kinasema Otto, yaani petroli, ina ufanisi zaidi kuliko Dizeli, mbona malori yote ni dizeli?"

Marahaba, mdogo wangu. Mwenzako yuko sahihi, na kitabu nacho kiko sahihi. Kinachowachanganya ni namba moja tu, ule uwiano wa ukatizaji, ρ. Na si wewe peke yako: swali hili huwaangusha wanafunzi kila mwaka kwa sababu wanakariri kanuni bila kuiona pistoni inakwenda wapi. Basi tuione.

Chukua silinda ambayo pistoni yake hutembea milimita 100 kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Uwiano wa mgandamizo ukiwa 18, maana yake nafasi yote pistoni ikiwa chini ni mara 18 ya nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu. Kwa hiyo ile nafasi ya juu, ukiigeuza iwe urefu ndani ya silinda hiyohiyo, ni 100 kugawa kwa 17, yaani milimita 5.88. Hapo ndipo hewa yote imebanwa. Ukianza na nyuzi 27, ambazo ni kelvini 300, hewa hiyo inafika kelvini 953, karibu nyuzi 680. Nozeli ikinyunyiza dizeli humo, inawaka yenyewe bila plagi.

Sasa mafuta yanawaka huku pistoni imeshaanza kushuka. Katika mzunguko wa Dizeli wa vitabuni tunachukulia kwamba moto unaongeza joto kwa kasi inayolingana na pistoni inavyokimbia, hivyo shinikizo linabaki palepale hadi mafuta yakatwe. Asilimia 6 ya milimita 100 ni milimita 6. Urefu wa gesi wakati wa kukata ni 5.88 jumlisha 6, yaani 11.88. Gawanya kwa 5.88 unapata 2.02. Hiyo ndiyo ρ.

Wewe uliandika 1.06. Uliichukua asilimia 6 ukaijumlisha kwenye 1, kana kwamba ni asilimia 6 ya ile nafasi ya juu. Swali linasema asilimia 6 ya mwendo wa pistoni, na mwendo ni mara 17 ya nafasi hiyo. Ukiiita asilimia hiyo k, kwa desimali, uwiano wa mgandamizo r na ufanisi η, mambo yote yanaingia kwenye mistari miwili:

```
ρ = 1 + k × (r − 1)
η = 1 − (1 / r^0.4) × (ρ^1.4 − 1) / (1.4 × (ρ − 1))
```

Weka r = 18 na ρ = 2.02. Sehemu ya kwanza, 1 kugawa kwa 18^0.4, ni 0.3147. Ya pili ni 1.676 kugawa kwa 1.428, yaani 1.174. Zidisha, toa kwenye 1, unapata 0.631. Asilimia 63.1, kama mwenzako.

Namna ya kugundua kosa kabla mwalimu hajaligundua ni kupima joto la moshi. Katika mzunguko huu, joto la gesi mwisho wa kupanuka ni joto la mwanzo mara ρ^1.4. Kwa ρ ya 2.02 ni 300 mara 2.676, kelvini 803, karibu nyuzi 530. Hilo linaingia akilini kwa dizeli inayofanya kazi. Kwa ρ yako ya 1.06 ni kelvini 325, nyuzi 52. Dizeli gani inatoa moshi uliopoa kuliko chai? Namba ikikuletea jambo kama hilo, usiendelee mbele, rudi kwenye ρ. Na ukitaka uhakika zaidi, tumia joto hizohizo kukokotoa ufanisi upya: joto linalotupwa linategemea 803 toa 300, joto linaloingia linategemea 1925 toa 953, kisha jibu hilo mara 1.4. Majibu mawili yakikataana, kuna mahali umeteleza.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa Otto na Dizeli. Kanuni ya Otto, yaani injini ya petroli yenye plagi, ni ile sehemu ya kwanza peke yake: 1 toa 1 kugawa kwa r^0.4. Haina ρ, kwa sababu joto lote linaingia pistoni ikiwa bado juu. Ukiipa Otto uwiano uleule wa 18 inatoa asilimia 68.5, na dizeli yetu ina 63.1. Kitabu kimesema kweli. Tofauti hiyo ya asilimia 5.4 ndiyo gharama ya kuchelewa kuunguza.

Gharama hiyo inatoka wapi? Tone la kwanza la dizeli linaungua gesi ikiwa na urefu wa milimita 5.88, kisha inapanuka hadi 105.88, mara 18 kamili. Tone la mwisho linaungua gesi ikiwa imeshafika 11.88, hivyo limebakiwa na upanukaji wa r/ρ, yaani mara 8.9 tu. Ukikokotoa vizuri utakuta tone hilo la mwisho lina ufanisi sawasawa na Otto yenye uwiano wa 8.9, karibu asilimia 58. Kwa hiyo ndani ya dizeli moja, mafuta yanaanza kufanya kazi kama injini ya 18 na kumalizia kama injini ya petroli ya zamani. Ufanisi unaoandika kwenye karatasi ni wastani wa matone yote. Ukishaielewa r/ρ hivyo, hutaikariri tena kanuni hii.

Lakini injini ya petroli yenye uwiano wa 18 huwezi kuiendesha kwa petroli ya kituoni. Petroli inabanwa ikiwa imeshachanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ukifika joto tuliloliona hapo juu unalipuka wenyewe kabla ya wakati. Injini inagonga, na ukilazimisha inatoboa pistoni. Ndiyo maana petroli nyingi za kawaida zinabaki karibu na 9 hadi 11. Dizeli inabana hewa tupu, haina cha kulipuka mapema, hivyo inapanda hadi 18 na zaidi bila wasiwasi.

Ulinganisho wa haki basi ni dizeli ya 18 na petroli ya 10. Petroli hiyo ina asilimia 60.2. Dizeli yetu kwa 63.1 imeshinda. Hapo ndipo wengi wanafunga daftari, na hapo ndipo pa kuendelea. Ongeza ρ hadi 3 na dizeli ileile inashuka hadi 58.9. Imeshindwa na petroli! Ukitafuta mahali wanapofungana, ni ρ karibu 2.68. Chini ya hapo dizeli iko mbele, juu yake iko nyuma. Na kwa lile hesabu la tone la mwisho, ukipita ρ ya 1.8 kila tone unaloongeza tayari linafanya kazi vibaya kuliko lingefanya kwenye petroli ya 10, ila wastani bado unabebwa na matone ya mwanzo.

Upande wa pili wa ρ ni mzuri mno kwa dizeli. Gari likiwa halina mzigo, pampu inapunguza mafuta, ρ inashuka kuelekea 1, na ufanisi wa kinadharia unapanda: kwa ρ ya 1.5 ni asilimia 65.6. Petroli haina zawadi hiyo. Ili ipunguze nguvu inabidi ifunge kilango cha hewa, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa kwenye tundu dogo. Kanuni ya Otto haionyeshi hasara hiyo, lakini tangi linaionyesha.

Hili la ρ linawahusu mafundi wa mtaa wa Unga Limited kuliko mnavyodhani. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 85, wakati pwani ni 101. Dizeli isiyo na tabo inavuta hewa pungufu kwa uzito, karibu asilimia 15 kama joto ni lilelile. Pampu isiyojirekebisha inaendelea kutoa mafuta yaleyale. Mafuta kwa kila kilo ya hewa yanaongezeka mara 1.18, hivyo ρ ya 2.02 ya Dar es Salaam inakuwa 2.20 hapa, na ufanisi unatoka 63.1 hadi 62.2. Ni kidogo, kweli. Tatizo linakuja mwenye gari anapolalamika kwamba gari halina nguvu kupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, na fundi anafungua skrubu ya pampu kuongeza mafuta.

Nguvu itaongezeka kidogo, sikatai. Lakini mafuta hayo ya ziada ni matone ya mwisho, yale yenye ufanisi mdogo kuliko yote, na baadhi yake hayapati hata oksijeni ya kuungulia. Hayo ndiyo moshi mweusi mnaouona ukipanda mlimani nyuma ya lori. Ukiona moshi mweusi kwenye mzigo tu, na ukipunguza mguu unakata, anza na chujio la hewa na nozeli, kisha rudisha skrubu hadi moshi ubaki ukungu mwepesi kwenye mzigo kamili. Kwa gari linalokaa huku juu moja kwa moja, dawa ya kweli ni tabo iliyowekwa vizuri, kwa sababu inaongeza hewa. Mafuta yaleyale yakigawanywa kwa hewa nyingi zaidi, ρ inashuka.

Neno la mwisho kuhusu hizo asilimia 63. Tumetumia uwiano wa joto mahususi wa 1.4, ambao ni wa hewa baridi. Gesi inayowaka iko karibu na 1.3, na ukirudia hesabu kwa 1.3 dizeli yetu inashuka hadi 52.6 na petroli ya 10 hadi 49.9. Ukitoa msuguano na joto linalokwenda kwenye maji ya rejeta, lori zuri linabaki na kama asilimia 40. Pia injini halisi huunguza sehemu ya mafuta kabla pistoni haijashuka, kwa hiyo ina sura ya Otto mwanzoni na ya Dizeli baadaye. Swali lako la chuo halijafika huko. Jibu kwa 1.4, andika 63.1, na karibu yake andika ρ = 2.02 na kelvini 803 ili msahihishaji aone umepita wapi.