Alama ya & na nafasi ya mwongozaji

*Filamu yetu fupi ina waandishi watatu. Asha na Juma waliandika pamoja, kisha Salum akaiandika upya peke yake. Tukiweka "Imeandikwa na Asha na Juma na Salum" tumekosea? Na jina la mwongozaji liwe la kwanza au la mwisho?*

Kisarufi hamjakosea. "Na" ya kwanza inataja mtendaji, nyingine mbili zinaunganisha. Tatizo ni kwamba mtazamaji ataona watu watatu walioketi meza moja, na sivyo ilivyokuwa.

Chama cha waandishi wa filamu cha Marekani, WGA, kina kanuni ya jambo hili. Alama ya & huunganisha walioandika kama timu moja, ilhali kiunganishi kilichoandikwa kwa herufi hutenganisha waliofanya kazi kwa nyakati mbalimbali. Kiswahili hakijaweka tofauti hiyo, lakini hakuna kinachowazuia kuiazima:

Imeandikwa na
Asha & Juma
na
Salum

Hiyo "na" ipeni mstari wake. Wengi wetu husoma & kama "na" tu, kwa hiyo mstari ndio utakaoonyesha utengano. Msiweke "akishirikiana na" mbele ya jina la Salum, kwa kuwa inamfanya aonekane mgeni mwalikwa. Na kama hadithi ilibuniwa na Asha pekee, tenganisheni: "Hadithi: Asha", kisha "Mswada:" na majina yote. "Imeandikwa na" hubeba vyote viwili.

Kuhusu mwongozaji, inategemea majina yanaonyeshwa wapi. Yakiwa mwanzoni, mazoea ya Marekani, yanayofuatwa na wengi kwingineko, huanza na kampuni na waigizaji wakuu, hupitia mafundi kama mhariri na mpigapicha mkuu, halafu watayarishaji na waandishi. Mwongozaji hufunga. Hapo heshima iko mwisho, maana jina lake ndilo linalogusana na tukio la kwanza la filamu. Majina yote yakihamishiwa mwishoni, mpangilio hugeuka: mwongozaji hutokea kwanza, mara tu hadithi inapokatika, kabla watu hawajaanza kuinuka.

Chama cha waongozaji, DGA, hakina mzaha na nafasi hiyo. George Lucas alitozwa faini kwa sababu jina la Irvin Kershner, mwongozaji wa filamu ya pili ya Star Wars ya mwaka 1980, liliwekwa mwishoni badala ya mwanzoni. Kershner mwenyewe alikuwa ameridhia. Lucas alilipa, kisha akajitoa chamani.

Ninyi hamfungwi na chama hicho, lakini msiliweke jina la mwongozaji katikati ya mafundi.

Orodha ndefu inayopanda mwishoni kwa kawaida huanza na waigizaji. Mkiwapanga kwa zamu ya kutokea, semeni hivyo juu ya orodha: "Waigizaji, kwa kufuatana na kutokea kwao". Bila maneno hayo, muuza maandazi wa tukio la kwanza ataonekana ndiye nyota, na nyota wenu atapiga simu.