Tahadhari ya kipindupindu: ndoo imechemshwa, kikombe je?

Tangu ofisi ya afya ya manispaa ibandike tangazo la tahadhari, maswali hayakatiki dirishani kwetu. Nimechagua matano ambayo karibu kila anayekuja anayauliza.

Mtaani kwetu sijaona mgonjwa hata mmoja. Mbona mnatutisha?

Mgonjwa unayemwona ni sehemu ndogo tu ya habari. Wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaugui kabisa, au huharisha kidogo na kuendelea na kazi zao, huku wakitoa vijidudu chooni kwa siku moja hadi 10. Dalili nazo huweza kuchukua saa chache tu au hadi siku tano kujitokeza. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza anapofika kituoni, vijidudu huenda vimeshatangulia kwenye maji ya watu wengine. Ndiyo maana tangazo hutoka mapema, hata kama linaonekana la haraka.

Jirani yangu huchemsha maji kila siku, na bado mwanawe ameugua. Kuna faida gani kuchemsha?

Faida ipo, ila kuchemsha huua vijidudu vilivyomo wakati huo tu. Hakuyalindi maji kesho. Tukifika nyumbani kwa mgonjwa, swali langu la kwanza huwa: kikombe cha kuchotea kinakaa wapi? Mara nyingi kinaelea ndani ya ndoo, au kimewekwa sakafuni. Mtoto ametoka chooni, anazamisha kikombe pamoja na vidole, na ndoo nzima imechafuka. Mama wa watu amemaliza kuni zake bure.

Chemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu, uyaache hivyo dakika moja. Maeneo ya milimani sana, dakika tatu. Yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha uyamimine kwenye dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki na mfuniko. Chombo hicho kioshwe kwanza, maana maji safi hayasafishi dumu chafu. Ukikosa vyote hivyo, tumia kata yenye mpini mrefu na uitundike ukutani, watu wasiingize mikono. Maji hayohayo ndiyo ya kuoshea matunda na kusukutua mdomo. Wengi husahau mswaki.

Sina mafuta wala kuni za kutosha. Naweza kutumia dawa ya klorini ya kufulia?

Unaweza, ikiwa haina manukato wala sabuni na lebo inaonyesha nguvu ya klorini asilimia tano au zaidi kidogo. Kipimo ni matone mawili kwa lita moja ya maji meupe. Ndoo ya lita 20 inataka matone 40, ambayo ni kama mililita mbili. Bomba la sindano lisilo na sindano hupima vizuri kuliko jicho. Koroga, funika, subiri dakika 30. Baada ya hapo maji yanatakiwa kunukia klorini kwa mbali. Yasiponukia kabisa, uchafu umeila dawa yote: rudia kipimo kilekile na usubiri dakika 15 nyingine.

Maji ya matope huila dawa haraka zaidi. Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha weka kipimo maradufu. Ukitumia vidonge, soma pakiti, kwa kuwa kuna vya ndoo na kuna vya dumu dogo.

Mtoto akianza kuharisha usiku, nimpe nini kabla ya kufika kituoni?

Mpe chumvichumvi, ile pakiti iliyoandikwa ORS, uikoroge yote katika lita moja kamili ya maji salama. Nusu pakiti kwa nusu lita ni kubahatisha. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kila anapoharisha, aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100, na wa miaka miwili hadi 10 anywe 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10 kisha mpe kijiko kimoja kimoja. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Usingoje kupambazuke ukiona kinyesi kama maji ya mchele, macho yaliyobonyea, au ngozi ya tumbo ikivutwa inachelewa kurudi. Hapo anahitaji maji ya mshipani, na saa chache zinatosha kumuua. Mwendelee kumnywesha njiani.

Nimeze antibiotiki mapema ili nisiugue?

Hapana. Hata mgonjwa huokolewa kwanza na maji na chumvi. Antibiotiki huongezwa na mhudumu kwa aliyezidiwa. Dawa za kufunga tumbo nazo usimpe mtu yeyote anayeharisha hivi, hasa mtoto.