Chuma kinaoksidisha au kinaoksidishwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwenye Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu, mwenzangu anaandika "chuma kinaoksidisha", mimi naandika "chuma kinaoksidishwa". Nani yuko sahihi? Na kwa nini shaba tuseme imepunguzwa wakati ndiyo iliyopewa elektroni? (Msomaji, Vwawa, Mbozi)

JIBU: Marahaba. Wewe uko sahihi, lakini usiamue kwa sikio, anza na namba. Chuma upande wa kushoto kiko peke yake, hakijaungana na kitu, kwa hiyo namba yake ya oksidisho ni 0. Salfeti nzima ina chaji −2, basi shaba iliyoshikana nayo lazima iwe +2 ili jumla iwe sifuri. Huna haja ya kuichambua salfeti yenyewe, maana imevuka mshale kama ilivyokuwa. Upande wa kulia chuma kimekuwa +2 na shaba imekuwa 0.

Namba ya chuma imepanda: kimetoa elektroni mbili, kwa hiyo kimeoksidishwa. Namba ya shaba imeshuka, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kinachopungua ni namba ya oksidisho. Elektroni ina chaji hasi, ukiongeza mbili kwenye +2 unapata 0.

Sasa kitenzi. Anayeoksidisha ndiye mtenda, anayeoksidishwa ndiye mtendwa. Chuma kimetendwa, na aliyemtenda ni shaba ya CuSO₄, ambayo ndiyo kioksidishi. Mwenzako amekigeuza chuma kuwa kioksidishi, na mtahini atamkosoa kwa haki kabisa, ingawa ni herufi moja tu iliyopotea. Tena msiandike "shaba imepunguzwa" mkaishia hapo, kwa sababu mlinganyo una shaba mbili. Iliyopunguzwa ni ioni ya shaba, Cu²⁺, ya upande wa kushoto. Shaba ya kulia ni zao tu.

Mnaweza kuliona kwa macho. Tumbukizeni msumari mtupu, usio na kutu wala zinki, kwenye maji ya mrututu: utavaa shaba nyekundu, na rangi ya buluu itafifia polepole. Ndiyo maana mkulima wa kahawa huko Mbozi anayechanganya mrututu na chokaa hushauriwa atumie pipa la plastiki, si la chuma.

Ila mchanganyiko wenyewe, CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂ + CaSO₄, msiutumie vitenzi hivi. Shaba ni +2 kushoto na +2 kulia, kalsiamu vilevile, na oksijeni, hidrojeni na salfa hazikuguswa. Ioni zimebadilishana wenzi tu, hakuna elektroni iliyohama. Hapo sema shaba "imeungana na hidroksidi", basi.